Hundi ya Dola 25,000: Hadithi za ufisadi zinazomfaa anayefuatilia Bunge

Mtu aliyezoea kusoma ripoti za CAG, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, hadi kwenye viambatisho ni mgumu kuridhishwa na hadithi za kusisimua kuhusu ufisadi. Amekwisha kuona hoja moja ya ukaguzi ikihama kutoka mwaka mmoja wa fedha kwenda mwingine, mkurugenzi wa halmashauri akiitwa mbele ya kamati, akiomba muda wa kuleta vielelezo, na vielelezo vyenyewe vikija vikiwa na nakala ya hati ya malipo lakini bila stakabadhi. Mtu huyo akikaa jioni kutazama filamu ambayo mwandishi wa habari anakabidhiwa bahasha gizani, bahasha ina kila kitu, kesho yake gazeti linatoka na keshokutwa waziri anaanguka, hana budi kuhisi kwamba amepotezewa muda. Anajua kwamba hakuna bahasha yenye kila kitu. Anajua pia kwamba swali zito katika habari yoyote ya ufisadi ni moja, nalo ni hili: gazeti limejuaje?

Kwa miaka mingi watu wa Dodoma wanaofuatilia vikao vya Bunge kwa karibu wamekuwa wakiniuliza watazame nini au wasome nini baada ya msimu wa bajeti kumalizika mwishoni mwa Juni, na jibu langu limekuwa likijengwa juu ya swali hilo hilo. Hadithi inayowafaa ni ile ambayo msisimko wake unatokana na kazi ya kuthibitisha. Hatari iliyomo ndani yake ni kuchapisha jambo ambalo bado halijasimama, na mtu mwenye bastola akiwepo awe wa ziada tu. Kwa kipimo hicho, filamu ya kwanza kuitaja ni All the President's Men ya mwaka 1976, iliyoongozwa na Alan J. Pakula kutokana na kitabu cha waandishi wawili wa gazeti la Washington Post, Bob Woodward na Carl Bernstein, kilichotoka mwaka 1974. Ni filamu ya zamani, na wengi wamesikia jina la kashfa ya Watergate bila kujua kilichofanyika hatua kwa hatua. Hatua hizo ndizo nitakazokaa nazo hapa, kwa sababu ndizo zinazoitenganisha filamu hii na nyingi zilizokuja baada yake.

Usiku wa kuamkia tarehe 17 Juni 1972, mlinzi wa jengo la Watergate mjini Washington aliona kipande cha utepe wa gundi kimebandikwa kwenye kitasa ili mlango usijifunge. Polisi walipofika waliwakamata watu watano ndani ya ofisi za makao makuu ya chama cha Democratic. Walikuwa wamevaa suti na glavu za kitabibu, wana vifaa vya kunasia sauti, na miongoni mwa vitu vilivyokamatwa zilikuwamo noti mpya za dola 100 ambazo namba zake zilifuatana. Mtu anayesoma habari za uhalifu kwa haraka atapita juu ya noti hizo. Mkaguzi wa hesabu hatapita. Noti ambazo namba zake zinafuatana zimetoka katika bunda moja, bunda limetoka benki moja, na benki ina kumbukumbu ya aliyezichukua. Kwa hiyo habari nzima ilianza kama suala la hesabu, ingawa polisi waliiandikisha kama wizi wa kuvunja.

Bernstein alisafiri hadi Miami, walikotokea wengi wa watu hao, kumtafuta afisa wa mashtaka aliyekuwa ameomba kumbukumbu za akaunti ya benki ya mmoja wao, Bernard Barker. Filamu inatumia muda mrefu kumwonyesha akisubiri. Katibu muhtasi anamwambia bwana mkubwa yuko kikaoni, ametoka, atarudi, arudi kesho. Mtu yeyote aliyewahi kufuatilia nyaraka katika ofisi ya umma ataitambua sehemu hii bila kuelezwa. Hatimaye Bernstein anaziona karatasi. Katika akaunti ya Barker zimepita hundi za benki ya Meksiko zenye jumla ya dola 89,000, na hundi moja ya dola 25,000 yenye jina la Kenneth Dahlberg. Jumla ni dola 114,000 katika akaunti ya mtu ambaye alikuwa dalali wa nyumba.

Sasa tazama kinachofuata, kwa sababu hapa ndipo filamu inapoonyesha ukubwa wake. Jina la Dahlberg peke yake halina maana yoyote. Woodward anatafuta yeye ni nani, anapata namba ya simu, anampigia. Kamera inamtazama Woodward akiwa mezani kwake, inamsogelea polepole mno bila kukatwa, kwa dakika kadhaa, na sisi tunasikia upande wa pili kama anavyousikia yeye. Dahlberg anasita, anakata simu, kisha anapiga tena. Anasema alikuwa akikusanya michango ya kampeni ya Rais Nixon, na kwamba hundi ile aliikabidhi kwa kamati ya kampeni, kwa Maurice Stans, aliyekuwa msimamizi wa fedha. Hakuna muziki wala mtu anayekimbia. Mwandishi anachora-chora kwenye karatasi, anaandika jina, anaandika namba, na mtazamaji anaelewa kwamba fedha ya kampeni ya rais imekutana na akaunti ya mtu aliyekamatwa akivunja ofisi ya wapinzani.

Mfuatiliaji wa Bunge anapaswa kulishika jambo lililotokea baada ya habari hiyo kuchapishwa tarehe 1 Agosti 1972, maana wengi hulisahau. Ofisi ya ukaguzi iliyokuwa chini ya Bunge la Marekani, ambayo kwa kazi yake tunaweza kuilinganisha na ofisi ya CAG, ilianza kukagua hesabu za kamati ya kampeni. Sheria mpya ya kutangaza michango ya kampeni ilikuwa imeanza kutumika tarehe 7 Aprili mwaka huo, na kwa sababu hiyo fedha nyingi zilikuwa zimekimbizwa kuingizwa kabla ya siku hiyo ili majina ya wachangiaji yasijulikane. Gazeti lilikuwa na hundi moja. Mkaguzi alikuwa na mamlaka ya kuomba vitabu vyote. Habari ya gazeti ikazaa ukaguzi, ukaguzi ukazaa nyaraka, na nyaraka zikalipa gazeti habari nyingine. Mzunguko huo ndio unaofanya kazi hata hapa kwetu pale unapofanya kazi, isipokuwa kwamba mara nyingi sisi tunaanzia upande wa pili: mkaguzi anaandika kwanza, ndipo gazeti linasoma.

Baada ya hundi, waandishi walihitaji watu. Walipata orodha ya wafanyakazi wa kamati ya kampeni na kuanza kubisha hodi majumbani mwao usiku. Milango mingi ilifungwa. Mmoja wa waliozungumza alikuwa mwanamke aliyetunza vitabu vya hesabu vya kamati hiyo. Mandhari ya nyumbani kwake nawaomba watazamaji waitazame mara ya pili, safari hii wakiangalia vikombe. Bernstein anaruhusiwa kuingia kwa muda mfupi, anaomba sigara, anakubali kahawa, kwa sababu anajua kwamba kikombe kikiwa bado kina kahawa si rahisi mwenye nyumba kumwambia mgeni aondoke. Yule mwanamke anaogopa kutaja majina, kwa hiyo anataja herufi za kwanza. Ameona fedha taslimu zikitolewa kutoka kwenye sefu, ameona daftari, anajua nani alipewa. Hajui zilikwenda kufanya nini. Mpaka wa ujuzi wake uko wazi, na waandishi wanalazimika kuuheshimu: shahidi huyu anaweza kuthibitisha malipo, hawezi kuthibitisha nia ya aliyelipa.

Tofauti hiyo kati ya malipo na nia ndiyo inayopotea katika mazungumzo yetu mengi. Pale Jamatini hapa Dodoma asubuhi, watu wakiwa wamesimama mbele ya magazeti yaliyotandazwa na kusoma vichwa vya habari bila kununua, utasikia mtu akisema kwamba CAG amesema fulani ameiba. Ukirudi kwenye ripoti utakuta imeandikwa kwamba malipo yamefanyika bila viambatisho, au masurufu hayakurejeshwa kwa wakati, au mkataba umesainiwa bila kupitiwa na mwanasheria. Hayo ni makosa, na mengine huficha wizi. Lakini mkaguzi ameandika kile ambacho karatasi zinamruhusu kuandika, akaacha kazi ya kutafuta nia kwa taasisi ya kupambana na rushwa, TAKUKURU, na mahakama. Filamu hii inamfundisha mtazamaji kuusikia mpaka huo, kwa sababu inamwonyesha nini hutokea mwandishi anapouvuka.

Nao waliuvuka. Ifikapo Oktoba 1972, Woodward na Bernstein walijua kwamba kulikuwa na mfuko wa siri wa fedha taslimu, na kwamba watu watano walikuwa na mamlaka ya kuidhinisha malipo kutoka humo. Wanne walikuwa wamethibitishwa. Wa tano, kwa kila dalili, alikuwa H. R. Haldeman, mkuu wa watumishi wa Ikulu, mtu wa karibu kabisa na rais. Hugh Sloan, mhazini wa kamati aliyejiuzulu kwa kukerwa na aliyoyaona, aliwapa majibu ambayo waliyachukua kuwa uthibitisho. Walihitaji chanzo kingine. Bernstein alimpigia simu mwanasheria wa Wizara ya Sheria ambaye hakutaka kusema lolote, akampa utaratibu wa ajabu: mimi nitahesabu hadi 10, kama kuna sababu ya kuizuia habari hii, kata simu kabla sijafika 10, kama uko kwenye simu nikimaliza, nitajua iko sawa. Akahesabu. Mwanasheria hakukata.

Habari ilitoka tarehe 25 Oktoba ikisema kwamba Sloan alikuwa amemtaja Haldeman kwa kiapo mbele ya baraza la mashtaka. Asubuhi hiyo wakili wa Sloan alisimama mbele ya kamera na kusema kwamba mteja wake hakutoa ushahidi huo. Ikulu ililishambulia gazeti kwa nguvu zote. Kilichokuja kueleweka ni kwamba Sloan hakuwahi kuulizwa swali hilo barazani, kwa hiyo hakulijibu, angeulizwa, angelijibu. Yule mwanasheria wa kwenye simu naye alikuwa ameyaelewa maelekezo ya kuhesabu kinyumenyume. Haldeman kweli alikuwa na mamlaka juu ya mfuko ule. Sentensi iliyochapishwa, hata hivyo, ilikuwa na uwongo ndani yake, kwa kuwa ilisema jambo la kweli limepita katika njia ambayo halikupita.

Nimetazama na kusoma hadithi nyingi za aina hii, na sijaona nyingine inayoliweka kosa la namna hiyo katikati kabisa ya msisimko. Waandishi wa hadithi hupenda shujaa wao akosee kwa sababu ya ulevi, mapenzi au hasira. Hapa shujaa anakosea kwa sababu ya kirai kimoja kinachoeleza chanzo. Mhariri Ben Bradlee, ambaye Jason Robards aliyemwigiza alipata tuzo ya Oscar kwa kazi hiyo, anaketi mbele ya mashine ya kupigia chapa na kuandika kauli fupi kwamba gazeti linaisimamia habari yake. Mtazamaji anayefuatilia habari anajua uzito wa kauli hiyo. Ikiwa imesimama juu ya ukweli ni ushujaa, na ikiwa imesimama juu ya kiburi ni maangamizi ya chumba kizima cha habari, na kwa wakati ule mhariri hana uhakika wa kutosha kuzitenganisha.

Faida ya hili kwa msomaji wa magazeti yetu ni ya moja kwa moja. Ukikutana na habari inayosema "vyanzo vya kuaminika vimedokeza", jiulize chanzo kimesema nini hasa, na mwandishi ameongeza nini. Je, chanzo kimeona hati, au kimesikia kutoka kwa aliyeiona? Je, ni vyanzo viwili vilivyojua jambo kila kimoja kwa njia yake, au ni mtu mmoja aliyewaambia wawili? Je, kukaa kimya kwa mhusika kumehesabiwa kuwa kukiri? Simu ya kuhesabu hadi 10 ilikuwa njia ya kuugeuza ukimya kuwa ushahidi, na ukimya hauna lugha.

Filamu ina mapungufu yake, na mtu makini anastahili kuyajua kabla hajaitazama. Inaishia Januari 1973, Nixon akiapishwa kwenye televisheni huku waandishi wakiendelea kuchapa, na yaliyofuata yanapita kama vichwa vya habari vinavyopigwa chapa hadi kujiuzulu kwake Agosti 1974. Kwa hiyo Jaji John Sirica, aliyewabana wale waliokamatwa kwa tishio la hukumu nzito hadi mmoja wao akaandika barua ya kueleza ukweli, hayumo. Kamati ya Seneti iliyofanya mahojiano hadharani haimo. Kanda za sauti za Ikulu, ambazo ndizo zilizomwangusha rais, hazimo. Hata ndani ya gazeti, mhariri wa habari za mji Barry Sussman, aliyeisimamia kazi ile siku hadi siku, amefutwa kabisa. Anayetoka kwenye filamu akiamini kwamba waandishi wawili walimng'oa rais amechukua somo lisilo sahihi. Gazeti lililizuia suala lisizikwe katika miezi ambayo kila mtu alitaka lizikwe. Waliomaliza kazi ni mahakama na Bunge.

Jingine ni yule mtoa habari wa siri ambaye Woodward anakutana naye kwenye maegesho ya magari ya chini ya ardhi. Mwaka 2005 alijulikana kuwa Mark Felt, aliyekuwa mtu wa pili kwa cheo katika FBI. Maneno maarufu ya "fuata fedha" ambayo filamu inamtamkisha hayamo katika kitabu. Yaliandikwa na mtunzi wa mswada wa filamu, William Goldman. Na Felt hakuwa malaika aliyeshuka kwa ajili ya ukweli mtupu. Mkurugenzi wake alifariki Mei 1972, na Ikulu ikamteua mtu wa nje, Patrick Gray, kushika nafasi ambayo Felt aliitarajia. Taarifa zake zilikuwa na thamani kubwa, naye alikuwa na kinyongo chake. Mambo hayo mawili hukaa pamoja ndani ya mtu mmoja mara nyingi kuliko hadithi zinavyokubali, na mwandishi mwema hulazimika kuyapima yote mawili. Tuna Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015. Sheria hiyo inahusu usalama wa mtoa taarifa, na haimwondolei anayepokea taarifa wajibu wa kuuliza kwa nini ameletewa yeye na kwa nini wakati huu.

Msomaji wa Dodoma hawezi kuitazama filamu hii bila kuikumbuka Februari 2008. Ripoti ya Kamati Teule iliyoongozwa na Dkt. Harrison Mwakyembe kuhusu mkataba wa umeme wa dharura wa kampuni ya Richmond ilisomwa hapa bungeni tarehe 6, na siku iliyofuata Waziri Mkuu Edward Lowassa akatangaza kujiuzulu. Magazeti yalikuwa yameliandika suala la Richmond kwa muda mrefu kabla ya hapo, na bila magazeti huenda Kamati Teule isingeundwa. Lakini waliokuwa na mamlaka ya kuita mashahidi na kudai mikataba ni wabunge. Katika kauli yake, Lowassa alilalamika kwamba Kamati haikumhoji yeye mwenyewe kabla ya kumtaja. Mtu anaweza kuwa na maoni yoyote kuhusu wajibu wake katika mkataba ule. Lalamiko lenyewe linagusa utaratibu ambao hadithi zote nzuri za aina hii huuheshimu, wa kumfikia anayetuhumiwa na kumpa nafasi ya kujibu kabla wino haujakauka. Katika filamu, simu za namna hiyo ndizo ngumu kuliko zote kupiga, na mtunzi anazionyesha moja baada ya nyingine.

Richmond ndiyo inayonipeleka kwenye pendekezo la pili, tamthilia ya televisheni ya BBC ya mwaka 2003 iitwayo State of Play, iliyoandikwa na Paul Abbott katika sehemu sita. Hii ni ya kubuni, na kwa mtu aliyeshuhudia kamati za Bunge zikifanya kazi ina ladha ya pekee, kwa sababu kiini chake ni kamati ya Bunge inayoshughulikia nishati. Mtafiti kijana anayemfanyia kazi mwenyekiti wa kamati hiyo anakufa relini asubuhi moja, na gazeti linagundua kwamba kifo hicho kina uhusiano na cha kijana mwingine aliyepigwa risasi. Sitasimulia zaidi ya hapo. Nitakachosema ni kwamba Abbott ameelewa jambo ambalo watunzi wengi hawalijui: rushwa ya kisasa inayolenga kamati haihitaji kumnunua mwenyekiti. Inatosha kumweka mtu katika ofisi yake, mtu anayeandaa maswali, anayefupisha nyaraka, anayejua kamati itakwenda wapi wiki ijayo. Nani anamlipa mtafiti? Nani analipia safari ya mafunzo ya wajumbe? Maswali hayo ni madogo kwenye karatasi, nayo ndiyo yanayobeba sehemu zote sita.

Tamthilia hii pia ina tatizo la kimaadili ambalo kila mwandishi anayefanya kazi katika mji mkuu mdogo kama wetu analijua. Mwandishi mkuu wa habari hiyo aliwahi kuwa meneja wa kampeni wa mbunge anayemchunguza, na bado ni rafiki yake. Dodoma, mwandishi, mbunge, afisa wa wizara na mkandarasi wanakutana kwenye nyama choma ileile, watoto wao wanasoma shule zilezile, na wengine ni ndugu. Haiwezekani kumtaka mwandishi asimjue mtu yeyote. Abbott haachi swali hilo lipotee. Urafiki ule unaleta habari ambazo gazeti lingine lisingezipata, na urafiki uleule unamfanya mwandishi asilione jambo ambalo mgeni angeliona siku ya kwanza. Kuna filamu ya Kimarekani ya mwaka 2009 yenye jina hilohilo iliyotokana na tamthilia hii. Imebanwa katika muda wa saa mbili na imepoteza mengi ya kamati. Tafuta ile ya sehemu sita.

Nimeulizwa mara kadhaa kwa nini simpi mtu riwaya za Kiswahili kwanza. Nazipenda, na kizazi changu kilijifunza kusoma kwa kasi kupitia Elvis Musiba na Ben Mtobwa, ambaye mwenyewe alikuwa mtu wa magazeti. Lakini Willy Gamba wa Musiba ni jasusi, na Joram Kiango wa Mtobwa ni mpelelezi. Wanafika kwenye ukweli kwa kuingia chumba kilichofungwa na kutoka wakiwa hai, ilhali mwandishi wa habari ana kalamu, simu na miguu yake. Hakuna ubaya katika hilo, ni jinsi tofauti ya hadithi. Riwaya yetu kubwa ya chumba cha habari, yenye hati ya malipo, mhariri mwenye wasiwasi na mwanasheria wa gazeti anayefuta sentensi saa 4 usiku, sijaiona bado, ingawa malighafi yake imejaa katika kumbukumbu rasmi za Bunge lililo barabara chache kutoka hapa.

Pendekezo la mwisho ni Z, filamu ya Costa-Gavras ya mwaka 1969, na naliweka mwisho kwa sababu linaumiza. Limetokana na kuuawa kwa mbunge wa Ugiriki Grigoris Lambrakis mjini Thesaloniki mwezi Mei 1963, alipopigwa rungu kichwani na mtu aliyekuwa juu ya pikipiki ya magurudumu matatu akitoka kuhutubia mkutano wa amani. Polisi walisema ni ajali. Mwandishi wa picha anawinda majina, na hakimu mchunguzi, kijana mkavu asiyeonyesha hisia, anawahoji mashahidi mmoja mmoja. Mfuatiliaji wa habari asikilize lugha ya mashahidi hao. Zaidi ya mmoja wao wanamweleza mtu aliyerukia chombo kile kwa tashibihi ileile, ya simbamarara aliye mwepesi na mkali. Watu wasiofahamiana hawabuni tashibihi moja. Hakimu anayasikia maneno hayo, anajua kwamba ushahidi umepangwa kabla ya kufika mezani kwake, na tangu hapo maswali yake yanabadilika. Mtu aliyewahi kusoma maelezo ya watendaji watatu wa idara moja wakijibu hoja ya ukaguzi kwa sentensi zilezile atajua nazungumzia nini.

Hakimu huyo alitokana na mtu halisi, Christos Sartzetakis. Wanajeshi walipotwaa madaraka mwezi Aprili 1967, kazi yake ilivunjwa. Alifukuzwa katika utumishi wa mahakama na baadaye kukamatwa. Filamu inamalizika kwa kutaja yaliyowapata mashahidi na maafisa walioshitakiwa, kisha orodha ndefu ya vitu vilivyopigwa marufuku na utawala mpya. Mwaka 1985 Sartzetakis alichaguliwa na Bunge la nchi yake kuwa rais, wadhifa alioushika hadi 1990, lakini hilo halimo katika filamu, kwa kuwa lilikuwa halijatokea. Ndiyo maana nawashauri watazamaji waanze na hundi ya Dahlberg, wakae wiki moja na kamati ya nishati ya Abbott, na waifikie Z wakiwa wameshazoea kuuliza gazeti limejuaje, maana humo mwandishi na hakimu wanajua kila kitu, wana majina, picha na hati za mashtaka zilizosainiwa, na bado nchi inawaponyoka.